Jibu la makohozi ni hesabu

Mtu aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi mkoani Katavi, awe mchimbaji mdogo wa dhahabu pembezoni mwa Mpanda au mkulima wa Mishamo, huombwa makohozi. Makohozi hayo yakipimwa kwa hadubini, wengi hulipokea jibu kama hukumu: chanya ni mgonjwa, hasi ni mzima. Hoja yangu ni kwamba hadubini haitoi hukumu ya namna hiyo. Inatoa hesabu ya vijidudu vilivyoonekana kwenye sehemu ndogo ya tone dogo, na idadi ikipungua kupita kiasi fulani, haioni kitu hata kama ugonjwa upo. Kwa sababu hiyo jibu la hasi lina uzito mdogo kuliko tunavyolipa, na namba inayoandikwa kando ya jibu la chanya ina uzito mkubwa kuliko tunavyodhani.

Tuanze na rangi, maana bila rangi kijidudu cha kifua kikuu hakionekani kwa urahisi. Mtaalamu wa maabara huchagua sehemu nzito, yenye usaha, katika makohozi na kuisambaza kwenye kioo chembamba kiitwacho slaidi, katika eneo la takriban sentimita mbili kwa moja. Akishaikausha hewani, huipitisha mara chache juu ya moto ili makohozi yashike kwenye kioo. Kisha huifunika yote kwa rangi nyekundu ya kaboli fuksini na kuipasha moto kwa chini mpaka mvuke uanze kupanda, bila kuiacha ichemke, na kuiacha dakika kama tano. Kijidudu cha TB kina ukuta wenye nta, na nta hiyo huzuia rangi za kawaida kupenya. Joto na fenoli iliyomo kwenye kaboli fuksini huipa rangi njia ya kuingia, na ikishaingia haitoki kirahisi. Ndiyo maana hatua inayofuata ndiyo inayoamua: slaidi husuuzwa kwa maji, kisha humwagiwa asidi iliyochanganywa na alkoholi kwa dakika kama tatu. Asidi hukivua rangi kila kitu isipokuwa vijidudu vyenye nta. Mwisho hupakwa methilini bluu kwa dakika moja, ili vilivyovuliwa wekundu vivae bluu. Njia hii ina majina ya Wajerumani wawili, Ziehl na Neelsen, walioikamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1880, muda mfupi baada ya Robert Koch kutangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amekigundua kijidudu cha TB.

Chini ya hadubini, lenzi ikiwa imegusa tone la mafuta maalumu na picha ikikuzwa mara elfu moja, msomaji huona uwanja wa mviringo wa rangi ya bluu hafifu. Ndani yake mna chembe nyeupe za damu, nyuzi za ute na vijidudu vingine vya mdomoni, vyote vya bluu. Kijidudu cha TB hujitokeza kama kijiti chembamba chekundu, mara nyingi kimepinda kidogo, urefu wake ukiwa milimita chache tu zikigawanywa kwa elfu. Kinaweza kuwa peke yake au vikalala viwili vitatu pamoja. Msomaji husogeza slaidi uwanja baada ya uwanja, akihesabu. Asipoona hata kimoja katika viwanja 100, huandika hasi. Akiona kati ya 1 na 9 katika viwanja hivyo 100, huandika idadi yenyewe. Kati ya 10 na 99 ni 1+. Kimoja hadi kumi kwa kila uwanja ni 2+. Zaidi ya kumi kwa kila uwanja ni 3+.

Kwa nini viwanja 100? Chukua makohozi yenye vijidudu 10,000 katika kila mililita moja. Kiasi kinachosambazwa kwenye slaidi ni kama sehemu moja ya mia ya mililita, kwa hiyo slaidi nzima inabeba vijidudu takriban 100. Eneo lililopakwa lina milimita mraba 200, na uwanja mmoja wenye kipenyo cha karibu milimita 0.2 hufunika milimita mraba 0.03 tu. Slaidi hiyo basi ina viwanja zaidi ya 6,000, na vijidudu 100 vikitawanyika humo, utakutana na kimoja katika kila viwanja 60 hivi. Anayesoma viwanja 100 ataona kimoja au viwili, na anayesoma 20 kwa haraka huenda asione kitu. Makohozi yenye vijidudu 1,000 kwa mililita mara nyingi yatapita kama hasi hata mikononi mwa msomaji hodari. Watoto na watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi wana TB ya namna hiyo, yenye vijidudu vichache kwenye makohozi, na ndio wanaoumizwa zaidi tunapoichukua hasi kuwa uthibitisho wa uzima.

Mipaka hiyo hubana zaidi kazi inapoharibika. Kikopo kikijaa mate badala ya makohozi ya kifuani, hesabu yote inafanywa kwenye kitu kisichohusika. Ndiyo sababu ya kuomba sampuli ya pili, inayokoholewa asubuhi baada ya kuamka. Slaidi ikiwa nene mno, makohozi hubanduka wakati wa kusuuza au huficha vijiti chini ya bluu nzito. Kipimo rahisi ni kuiweka juu ya ukurasa wenye maandishi kabla ya kuipaka rangi: maandishi yanapaswa kusomeka kupitia kwake. Joto likiwa dogo, vijiti hutoka vimepauka. Rangi isiyochujwa huacha chembe nyekundu ambazo msomaji mchovu anaweza kuziita vijidudu, ingawa chembe hizo hazina umbo la kijiti. Asidi ikikaa muda mfupi, uwanja wote hubaki na wekundu, na hilo huonekana mara moja. Kosa gumu kugundua ni la kuhama: kijiti cha mafuta kikigusa slaidi ya mgonjwa mwenye 3+ kisha kikagusa ya jirani yake, jirani anapewa ugonjwa usio wake. Kwa hiyo mafuta hudondoshwa bila kugusa kioo, na slaidi zilizosomwa hutunzwa ili baadhi yake zisomwe upya na mtu mwingine asiyejua jibu la kwanza.

Mtu anaweza kusema: sasa kuna GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kijidudu na kuonyesha pia kama kimekuwa sugu kwa rifampisini, ya nini kuhangaika na hadubini? Kwa kutambua ugonjwa, pingamizi hilo ni sahihi. Mashine huona makohozi yenye vijidudu mia chache tu kwa mililita, na panapopatikana mashine, sampuli iende huko kwanza. Hadubini pia haiwezi kutofautisha kijidudu cha TB na ndugu zake wengine wenye nta, wala haisemi lolote kuhusu usugu. Lakini vinasaba vya vijidudu vilivyokufa hubaki kwenye makohozi kwa muda mrefu, hivyo mashine inaweza kuendelea kusema chanya kwa mtu ambaye dawa zinamponya. Kufuatilia tiba ni kazi ambayo hesabu ya hadubini bado inaifaa. Juu ya hesabu hiyo ndipo ulipojengwa mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza Tanzania mwaka 1977 kwa ushauri wa Karel Styblo, mpango ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliuchukua kuwa kielelezo kwa nchi nyingine.

Fikiria mgonjwa aliyeanza dawa akiwa na 3+. Mwisho wa mwezi wa pili slaidi yake inaonyesha vijidudu vinne katika viwanja 100. Kwa anayesoma neno tu, bado ni chanya, na familia inaweza kukata tamaa. Kwa anayesoma namba, vijidudu zaidi ya elfu moja katika viwanja 100 vimebaki vinne, na hata hivyo vinne huenda vimekufa, kwa kuwa kijidudu kilichokufa nacho hushika rangi. Hatua ni kuhakikisha anameza dawa ipasavyo, kutuma sampuli ichunguzwe usugu, na kurudia kipimo. Mwenzake aliyeanza na 1+ akabaki na 1+ mwezi wa tano ana hali mbaya zaidi ingawa namba yake haikuwahi kuwa kubwa: kwa vigezo vya tiba, dawa zake zimeshindwa, na lazima usugu utafutwe.

Wengine watahofu kwamba kuwaambia watu mipaka ya kipimo kutawafanya wasikiamini. Naona kinyume chake. Panapo TB nyingi, slaidi chanya iliyosomwa vizuri ni ya kuaminika sana, na huwanasa hasa wale wanaokohoa vijidudu vingi na kuwaambukiza wengine. Imani huvunjika pale mtu anapoambiwa hana ugonjwa, akarudi Karema au Mishamo na kikohozi chake, kisha miezi miwili baadaye akagundulika amezidiwa. Mwenye hasi anayeendelea kukohoa, kupungua uzito na kutoka jasho usiku anapaswa kuelezwa wazi kwamba vijidudu havikuonekana katika viwanja 100 vilivyosomwa, na kwamba sampuli nyingine, GeneXpert au picha ya kifua bado vinahitajika. Na aliye kwenye dawa aulize kila mara ameandikiwa namba gani, kisha ailinganishe na ile aliyoanza nayo.