Chumvi kwenye nywila: kwa nini seva nzuri hujikokota kwa makusudi

Mwezi Juni 2012, hashi milioni 6.5 za nywila za mtandao wa LinkedIn zilimwagwa kwenye jukwaa moja la Urusi. Miaka minne baadaye ikabainika kuwa wizi ule ulikuwa mkubwa zaidi: barua pepe na hashi za akaunti zipatazo milioni 117 zilikuwa zinauzwa. Nyingi zilivunjwa haraka sana. Kwa nini, wakati kampuni haikuwa imehifadhi nywila zenyewe?

Tuanze na hashi. Ni hesabu inayogeuza nywila kuwa mfululizo wa herufi na tarakimu usiorudi nyuma, kama mahindi yakishasagwa. Ukiingia kwenye akaunti, seva inasaga nywila uliyoandika na kulinganisha unga na unga. Kwa njia ya SHA-1, waliyotumia LinkedIn, nywila `123456` inatoa hii, popote duniani:

```
7c4a8d09ca3762af61e59520943dc26494f8941b
```

Tatizo liko hapo kwenye "popote duniani". Mdukuzi hahitaji kurudisha unga kuwa mahindi. Anachukua orodha ya nywila zinazopendwa, anazisaga mwenyewe, kisha anatafuta zinazofanana.

Sasa tuseme kuna chuo Morogoro chenye wanafunzi 20,000, na kanzidata yake imevuja. Asha na Juma, bila kujuana, wote wametumia `uluguru1`. Hashi zao ni zilezile, kwa hiyo akimpata mmoja amempata na mwenzake. Orodha ya maneno 10,000 (`simba123`, `yanga1935` na wenzao) anaisaga mara moja tu, na inamtosha kwa wanafunzi wote. Anaweza hata kuwa aliisaga mwaka jana.

Chumvi inaua njia hii ya mkato. Kila akaunti inapofunguliwa, seva inazalisha mfululizo wa bahati nasibu, mara nyingi baiti 16, na kuuchanganya na nywila kabla ya kusaga. Asha ana chumvi yake, Juma ana yake, na hashi zao hazifanani tena. Chumvi si siri. Inakaa kwenye safu ileile na hashi, na mdukuzi anaiona. Kazi yake ni kumlazimisha aanze upya kwa kila mtu: maneno 10,000 mara wanafunzi 20,000, yaani majaribio milioni 200.

Milioni 200 ni nyingi? Kwa SHA-1, hapana. Kadi moja nzuri ya michoro, ile ya kuchezea gemu, inafanya majaribio ya SHA-1 kama bilioni 50 kwa sekunde. Chuo kizima kinakwisha kabla hujapepesa jicho. Chumvi peke yake haitoshi, kwa sababu SHA-1 ilitengenezwa iwe na kasi.

Ndiyo maana kuna njia kama bcrypt, zinazorudia hesabu maelfu ya mara kwa makusudi. Mwanzo wa rekodi yake unasomeka hivi:

```
$2b$12$
```

Hiyo 12 ndiyo gharama: ukiongeza moja, kazi inakuwa maradufu. Kwa gharama 12, kadi ileile inashuka hadi majaribio kama 1,400 kwa sekunde. Majaribio yetu milioni 200 sasa yanachukua takriban saa 40. Na kama Asha angetumia herufi ndogo na tarakimu nane za bahati nasibu, michanganyiko ni trilioni 2.8: kwa SHA-1 ni chini ya dakika moja, kwa bcrypt ni miaka kama 64, tena kwa Asha peke yake. Yeye mwenyewe akiingia anasubiri kama robo sekunde. Hata hahisi.

Ila usidanganyike, kuna mpaka. PIN ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu, na bcrypt hiyohiyo inaimaliza kwa sekunde saba. Kwenye simu inakulinda kwa sababu ukikosea mara chache unafungiwa. Kanzidata ikishaibwa, hakuna wa kumfungia mdukuzi. Vivyo hivyo `uluguru1`: ikiwa kwenye orodha yake, ucheleweshaji unampa chuo muda wa kutangaza na wewe muda wa kubadilisha, basi.

Unajuaje mfumo unaoutumia ukoje? Kwa nje huwezi kuona yote, lakini jaribu kubonyeza "nimesahau nywila". Wakikutumia kiungo cha kuweka mpya, sawa. Wakikutumia nywila yako ya zamani kama ulivyoiandika, hapo hakuna kilichosagwa, maana unga haurudi kuwa mahindi. Nywila hiyo usiitumie kwingine kokote, hasa kwenye barua pepe yako.