Kiti Kinachoonekana Kitupu

Mfumo wa kuuza tiketi za basi una kazi mbili zisizolingana: wengi huangalia viti, wachache hununua. Mtindo wa CQRS, uliopewa jina hilo na Greg Young, huzitenganisha. Upande wa kuandika hupokea amri na kulinda kanuni. Upande wa kusoma hujibu maswali tu.

Tuseme Asha ananunua kiti namba 14. Upande wa kuandika unahakikisha hakijauzwa, unahifadhi mauzo, kisha unatoa tukio: kiti kimeuzwa. Tukio linapita kwenye foleni hadi upande wa kusoma, ambako jedwali lililopangwa kama skrini inavyolitaka linasahihishwa. Ukurasa hufunguka haraka kwa sababu hesabu imeshafanywa mapema.

Gharama iko kwenye foleni hiyo. Mara nyingi tukio hufika chini ya sekunde moja, lakini mzigo ukizidi linaweza kuchukua dakika. Wakati huo Juma bado anakiona kiti 14 kitupu. Akibonyeza, upande wa kuandika unamkatalia, hivyo kiti hakiuzwi mara mbili. Asha naye akifungua orodha ya tiketi zake asione kitu, anaweza kulipa tena. Ndiyo maana skrini yake inapaswa kuonyesha jibu la upande wa kuandika moja kwa moja.

Fundi hugundua ucheleweshaji kwa kulinganisha namba ya tukio la mwisho lililoandikwa na la mwisho lililosomwa. Kwa kampuni yenye mabasi machache, jedwali moja latosha.