Kiungo cha kulipwa, cha msomaji, cha mashaka: alama gani iwekwe wapi?

Tuseme mwandishi mmoja wa Bukavu ana tovuti yake ya bei za soko la Kadutu. Siku moja mwenye duka la vifaa vya sola anamupatia dola 50 ili aandike habari juu ya duka lake na kuweka kiungo, ni kusema yale maneno ya kubonyeza yanayopeleka mutu ku ukurasa mwingine. Anaweka, anapokea pesa yake, kazi imeisha. Kisha miezi inapita, na Google inamutumia onyo. Kosa lake ni nini?

Google inahesabu kiungo kama vile ushuhuda. Tovuti moja ikielekeza watu ku ingine, ni kama inasema: hawa nawaamini. Ushuhuda huo unasaidia ukurasa kupanda juu kwenye matokeo ya utafutaji. Sasa, ushuhuda wa kununuliwa si ushuhuda tena. Kuuza kiungo hakukatazwi; kinachokatazwa ni kukiuza bila kusema kwamba kimeuzwa. Kusema huko kunafanyika ndani ya kodi, kwa neno `rel`:

```html
<a href="https://duka.example" rel="sponsored">Duka la sola</a>
```

Alama ya kwanza kuzaliwa ni `nofollow`, mwaka 2005, juu watu walikuwa wanajaza viungo vya matangazo yao chini ya maandishi ya wengine. Septemba 2019, Google iliongeza mbili: `sponsored` na `ugc`.

Turudi kwa yule mwandishi. Ku ukurasa wake mumoja kuna viungo vine, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza kinapeleka ku tovuti ya Banque Centrale du Congo, mahali alitoa bei ya dola. Hakuna aliyemulipa, anaonyesha tu chanzo chake. Hapo haweki alama yoyote.

Cha pili ni kile cha duka la sola. Hapo ni `sponsored`. Hata kama hangepewa pesa, lakini angepewa paneli ya bure ili asifu duka, ingekuwa ile ile `sponsored`. Na kama anapata komisyo kila mara musomaji ananunua kupitia kiungo chake, pia.

Cha tatu kimeandikwa na musomaji kwenye maoni, chini ya habari. Mwenye tovuti hakukichagua, kwa hiyo ni `ugc`. Anayetumia WordPress hana haja ya kuhangaika: tangu toleo 5.3, viungo vya maoni vinapewa `nofollow ugc` vyenyewe.

Cha nne kinaonyesha ukurasa wenye uvumi juu ya bei ya mafuta, ambao mwandishi anaupinga. Anataka watu waone uvumi wenyewe, lakini hataki ionekane kama anauunga mkono. Hakuna pesa, wala si maoni ya musomaji. Hapo ndipo `nofollow`.

Lakini alama hizi ni za mashine, si za mutu. Musomaji anayebonyeza anafika tu. Kama ukurasa ni wa matapeli wanaoiba pesa, `nofollow` haitamulinda. Afadhali kutoweka kiungo kabisa. Vilevile, `sponsored` haionekani kwa macho. Musomaji ana haki ya kujua, basi iandikwe pia wazi juu ya habari: hili ni tangazo la kulipwa.

Kuna wenye kuogopa, wanaweka `nofollow` kila mahali. Hiyo nayo si sawa: inanyima chanzo kizuri ushuhuda wake, na haiongezi ulinzi wowote. Wengine wanaandika `rel` mara mbili ndani ya kiungo kimoja, na kivinjari kinasoma ile ya kwanza tu. Kama unataka alama mbili, ziweke pamoja na nafasi katikati:

```html
rel="sponsored nofollow"
```

Ile `nofollow` ya zamani ambayo tayari iko ku viungo vya kulipwa, Google bado inaikubali. Hakuna haja ya kurudilia kazi yote, ingawa `sponsored` ndiyo inapendelewa.

Kwa kuhakikisha kwenye simu ya Android, andika `view-source:` mbele ya anwani ya ukurasa ndani ya Chrome, kisha tafuta jina la duka na uangalie kama `rel` iko karibu yake. Na onyo likishafika, linasomeka ndani ya Search Console, sehemu ya `Manual actions`. Yule mwandishi wa Kadutu atarekebisha viungo vyote alivyouza, si kile kimoja tu, kisha ataomba hapo hapo tovuti yake iangaliwe upya.