Kapasita moja mbele ya kigeuzi

Umeme wa gridi unaotufikia majumbani hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Fundi anayetaka kujua mota ya kisima inakula nguvu kiasi gani huupunguza kwa transfoma ndogo mpaka ubaki ukicheza kati ya volti 5 chanya na volti 5 hasi, kisha huupeleka kwenye kigeuzi, yaani chipu inayopokea volti na kutoa namba. Tuchukue kigeuzi kimoja kilichopita mikononi mwa mafundi wengi, AD574A ya kampuni ya Analog Devices. Ni cha biti 12, kwa hiyo hizo volti 10 kutoka chini hadi juu hukigawia vidato 4,096, na kila kidato ni milivolti 2.44. Kutoa namba moja huchukua mikrosekunde 25 hivi, na mtengenezaji anaahidi kwamba haitazidi mikrosekunde 35.

Ndani ya hizo mikrosekunde 35 kigeuzi hufanya kazi kama muuza duka anayepima sukari kwa mawe. Anaanza na jiwe la kilo, sukari ikiwa nyepesi analitoa. Anaweka la nusu, kisha la robo, kisha la nusu robo. AD574A huweka mawe kumi na mawili, kila moja nusu ya lililotangulia, na uamuzi ukishapita harudi nyuma. Sasa fikiria mtu anaendelea kumimina sukari wakati mawe yanabadilishwa. Jiwe la kwanza limekataliwa kwa haki, kwa kuwa sukari ilikuwa ndogo. Mwishoni sukari imekuwa nyingi, na mawe yote yaliyobaki yakijumlishwa hayaifikii. Namba inayotoka si ya mwanzo wala ya mwisho.

Na umeme wetu unamimina kweli. Wimbi la hezi 50 lenye upana wa volti 10 linapokata sifuri hupanda kwa kasi ya milivolti 1.57 kila mikrosekunde. Katika mikrosekunde 35 linakuwa limesogea milivolti 55, yaani vidato zaidi ya 22. Ukitaka volti isisogee zaidi ya nusu kidato kigeuzi kikiwa kazini, wimbi zima linapaswa kuwa la hezi 1 na kidogo. Kigeuzi cha kutoa namba karibu elfu thelathini kwa sekunde, kikiachwa peke yake, hakiwezi kusoma kwa haki kitu kinachotikisika zaidi ya mara moja kwa sekunde. Wengi hawaamini mpaka wapige hesabu wenyewe.

Dawa yake ni kuidaka volti na kuishikilia kabla ya kuipima. Chipu ya LF398, iliyoanzia kwa National Semiconductor, ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Ina pini nane. Ndani yake kuna kikuzaji cha kupokea, swichi ya transista, na kikuzaji cha kutoa. Kapasita yenyewe unaiweka wewe nje, kwenye pini ya 6. Pini ya 8 ikipewa volti ya juu, swichi hufunga na kapasita huifuata volti inayoingia. Ikishushwa, swichi hukatika na kapasita hubaki na chaji iliyokuwa nayo wakati huo, huku kikuzaji cha kutoa kikiisoma bila kuinywa.

Swali kubwa la fundi ni hili: kapasita iwe ya ukubwa gani? Mambo matatu yanashindania jibu, na hayana uzito sawa.

La kwanza ni muda wa kudaka. LF398 inaweza kusukuma takribani miliampea 5 kwenye kapasita. Kapasita ya nanofaradi 1 hupanda volti 5 kwa mikrosekunde kwa mkondo huo, ya nanofaradi 10 hupanda nusu volti tu. Ndiyo maana karatasi ya vipimo inatoa mikrosekunde 4 kwa ile ndogo na 20 kwa ile kubwa, volti inaporuka kwa 10 nzima. Lakini soma masharti yaliyoandikwa pembeni: vipimo hivyo ni vya kukaribia lengo kwa asilimia 0.1. Asilimia 0.1 ya volti 10 ni milivolti 10, na hivyo ni vidato vinne vya kigeuzi chetu. Ukitaka nusu kidato lazima usubiri zaidi, kwa sababu sehemu ya mwisho ya kujaa kwa kapasita ndiyo inayokwenda polepole.

Hata hivyo, katika mfano wetu jambo hili ni jepesi kuliko linavyoonekana. Tukidaka mara moja kila mikrosekunde 60, wimbi la hezi 50 haliwezi kuwa limesogea zaidi ya milivolti 94 tangu tulipodaka mara ya mwisho. Kapasita tayari iko karibu na lengo. Mambo hubadilika pale chipu moja inapohudumia njia kadhaa kwa zamu, njia moja ikiwa na volti 5 chanya na inayofuata volti 5 hasi; hapo kila zamu ni mruko mzima. Dalili ya kutosubiri vya kutosha ni kwamba kila namba huinamia upande wa namba iliyotangulia. Ongeza muda wa kudaka. Mwinamo ukipungua, umempata mwizi. Usipopungua upesi, angalia kapasita yenyewe, maana kuna aina ambazo hukumbuka chaji ya zamani ndani ya kihami chake. Kwa kazi hii mafundi huchagua ya polipropilini.

La pili ni kuvuja. Swichi iliyokatika haijakatika kabisa, na kikuzaji cha kutoa nacho kinaonja kidogo. Kwa LF398 kwenye joto la kawaida mkondo huo ni pikoampea 30 hivi. Kwenye nanofaradi 1 unashusha milivolti 30 kwa sekunde, namba ambayo huwatisha wanaoanza. Lakini sisi hatushiki sekunde nzima, tunashika mikrosekunde 35. Ndani ya muda huo kinachopotea ni mikrovolti 1. Kidato chetu ni mikrovolti 2,440. Hata joto likipanda nyuzi 60 na uvujaji ukaongezeka mara 64, kwa kuwa huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 hivi, bado hatujakaribia hatari.

Kuvuja kunakouma kwa kawaida hakutoki ndani ya chipu bali kwenye bodi. Mabaki ya dawa ya kuchomelea risasi, alama ya kidole na unyevu wa pwani vikikutana vinaweza kutengeneza njia ya megohomu 1,000 kati ya pini ya 6 na waya wa volti 15. Megohomu 1,000 husikika kama ukuta, lakini zinapitisha nanoampea 15, mara 500 ya uvujaji wa chipu. Nanofaradi 1 sasa inasogea volti 15 kwa sekunde. Kama umedaka njia nane kwa wakati mmoja na kigeuzi kinazipima moja baada ya nyingine, ya mwisho inangoja mikrosekunde 280 na kupoteza milivolti 4, karibu vidato viwili. Safisha bodi kwa spiriti, kisha izungushie pini ya 6 mstari wa shaba uliounganishwa na pini ya 5 ya kutoa. Volti ya mstari huo ni sawa na ya kapasita, kwa hiyo hakuna kinachoshawishika kutiririka.

La tatu ndilo ninaloona linapewa nafasi ndogo kuliko linavyostahili: chaji inayosukumwa na swichi yenyewe. Geti ya transista iko jirani sana na njia inayopitisha mkondo, na ujirani huo ni kapasita ndogo isiyoombwa na mtu. Kuikata swichi ni kuirusha geti volti kadhaa kwa ghafla, na mruko huo husukuma chaji kwenye kapasita yetu wakati ule ule mlango wa kuitoa unapofungwa. Kwa LF398 ya kawaida chaji hiyo ni pikokulombi 10 hivi. Kwenye nanofaradi 10 inasogeza volti kwa milivolti 1, chini ya nusu kidato. Kwenye nanofaradi 1 inasogeza milivolti 10, vidato vinne, kila mara unapodaka.

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika. Kapasita ya nanofaradi 1 ilituvutia kwa wepesi wake na kuvuja hakukutuzuia, lakini chaji ya swichi inaikataa. Tunachukua nanofaradi 10: mikrosekunde 20 za kudaka, moja au mbili za kutulia baada ya swichi kukatika, 35 za kupima. Jumla ni chini ya 60. Mzunguko mmoja wa umeme ni mikrosekunde 20,000, kwa hiyo tunapata namba zaidi ya 330 katika kila wimbi, zaidi ya mahitaji ya mtu anayepima mota.

Kuna mtego wa mwisho kwenye uchoraji wa bodi. Waya unaopeleka amri kwenye pini ya 8 nao huruka volti 5. Ukipita karibu na pini ya 6 kiasi cha kufanya pikofaradi 1 kati yao, unasukuma pikokulombi 5 nyingine, nusu ya kosa la chipu yenyewe. Fizikia hiyo hiyo hutumika kama tiba: peleka amri iliyogeuzwa, inayopanda pale nyingine inaposhuka, kupitia pikofaradi 2, na utakuwa umerudisha pikokulombi 10 kinyume.

Kujua kama umefanikiwa si kazi kubwa. Unganisha ingizo na volti 0, toa amri kwa kurudia, na utazame pini ya 5 kwenye osiloskopu: utaona ngazi ndogo kila swichi inapokatika. Rudia kwa volti 4 chanya na 4 hasi. Ngazi ikiwa ile ile pote, programu inaweza kuitoa kwa hesabu moja. Ikibadilika kwa kufuata volti, kutoa namba moja hakutatosha.

Leo saketi hii yote imejificha ndani ya chipu, lakini haijaondoka. ATmega328P, iliyomo kwenye Arduino Uno, ina kapasita ya pikofaradi 14 na kwa mpangilio wa kawaida huidaka volti kwa mikrosekunde 12 tu. Mtengenezaji anashauri chanzo kisizidi kilohomu 10. Chukua mtu anayepima betri ya lithiamu ya seli mbili kupitia rizista mbili za megohomu 1 ili asiimalize. Chanzo chake ni sawa na kilohomu 500. Mara pikofaradi 14 ni mikrosekunde 7. Katika mikrosekunde 12 kapasita inaacha karibu asilimia 18 ya pengo bila kulijaza, na usomaji unavutwa kwenye volti ya pini iliyosomwa kabla yake. Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na ardhi humaliza tatizo: ile ndogo ya ndani inachota chaji yake hapo, na volti inashuka milivolti 0.6 tu, ilhali kidato cha chipu hiyo ni karibu milivolti 5. Lakini nanofaradi 100 na kilohomu 500 huhitaji robo sekunde na zaidi kufika kwenye volti mpya. Betri itasubiri. Wimbi la hezi 50 likipitishwa hapo litafika kwenye pini likiwa limelainishwa, karibu lote limepotea.