Filimbi Tatu Juu ya Kifusi

Asubuhi ya Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam. Wapita njia ndio walioanza kuchimba, wengine kwa mikono mitupu. Ndivyo ilivyo kwenye maafa mengi: aliye karibu na uso wa kifusi huokolewa na jirani. Mwokoaji wa kazi anahitajika pale mikono isipofika.

Naye akifika hakimbilii sululu. Huhakikisha umeme umekatwa, kisha huwaomba watu washuke kifusini, kwa sababu uzito wao unaweza kubomoa mianya wanamovutia hewa walionaswa. Huwauliza walinzi na wenye maduka nani alikuwa wapi. Halafu mashine zote huzimwa, zege hugongwa, na watu husikiliza kama kuna anayejibu. Kumwambia mama anayemlilia mwanawe anyamaze kidogo ni kazi nzito kuliko kubeba nondo.

Kariakoo, walionaswa chini walipelekewa maji, glukosi na oksijeni kabla ya kutolewa. Mtazamaji aliye nje huuliza kwa nini wasivutwe mara moja. Sababu mojawapo imo ndani ya mwili. Mguu ukibanwa na nguzo kwa saa kadhaa, misuli hufa na kuachia potasiamu nyingi. Nguzo ikiinuliwa, damu huirudisha potasiamu hiyo moyoni kwa mkupuo, na mtu aliyekuwa akizungumza dakika chache zilizopita anaweza kufa mikononi mwa waokoaji. Akipona hapo, figo zake huweza kushindwa baadaye.

Kwa hiyo mkono ukipatikana, dripu ya maji ya chumvi huwekwa angali amebanwa, kwa mtu mzima kama lita moja kwa saa. Nguzo huinuliwa polepole, na vipande vya mbao hupangwa chini yake kila inapopanda, ili ikiteleza isimwangukie tena. Wakati wote huo mtu mmoja huzungumza naye, kwa jina lake.

Ufundi huo hufundishika. Zimamoto na Uokoaji wana chuo chao Chogo, Handeni, na Chuo Kikuu Ardhi husomesha usimamizi wa maafa, yaani kupanga kabla ya tukio. Ila kwa maoni yangu, wanaochagua waokoaji wasimtafute jasiri peke yake. Wamtafute anayetii.

Katika utaratibu wa kimataifa wa uokoaji, mlio mmoja mrefu ni amri ya kusimama na kunyamaza. Mrefu mmoja na mfupi mmoja, endeleeni. Mitatu mifupi, tokeni. Jengo likianza kusogea, kiongozi hupuliza mitatu hata kama sauti ya mtu bado inasikika ndani. Wote hutoka, huhesabiwa, na hakuna anayerudi mpaka mihimili mipya isimikwe. Mwokoaji akirudi peke yake na kufukiwa, wenzake watalazimika kugawanyika, na yule aliyekuwa akiita ataendelea kungoja.