Simu ni orijino, lakini kwa picha inaonekana feki: cheki hivi kabla hujalipa

Tuseme unauza omena pale Mbita na simu yako ya zamani imeanza kuzima katikati ya muamala. Umeona Samsung Galaxy kwenye Facebook, duka liko Kisumu mjini, bei ni shilingi 18,000. Simu hiyo hiyo kwa duka rasmi ni 22,000. Mwenye duka anakutumia picha nne. Wewe unazipeleka kwenye grupu la WhatsApp la chama, na ndani ya dakika kumi majibu yanamiminika: "Boksi lina Kiarabu, hiyo ni feki." "Ona sili imekatwa." "Chaja iko wapi?" "Madhe, usitume pesa!"

Huenda wako sawa. Lakini kila kitu walichotaja kinaweza kuonekana kwenye simu orijino kabisa. Na feki iliyotengenezwa vizuri inaweza kuja na boksi safi, sili nzima na chaja ndani. Anayeangalia picha anakuambia tu kama simu inafanana na ile aliyowahi kuiona yeye. Hilo ni swali tofauti na kama simu ni ya kweli.

Hebu tuone kwa nini, halafu tuone cha kucheki badala ya sura.

Kiarabu kwenye boksi kinatoka wapi?

Kampuni ya simu hutengeneza modeli moja na kuigawa kwa masoko mengi. Boksi la kwenda nchi za Ghuba huandikwa Kiarabu, la Ulaya lina lugha zake, la kwetu lina yake. Sasa mfanyabiashara akinunua katoni Dubai, pale bei iko chini, simu hizo zinaweza kufika Kisumu kupitia Nairobi, au zizunguke Kampala na kuingia kwa mpaka wa Busia. Simu ni orijino. Kitu ambacho haikufanya ni kupita kwa msambazaji rasmi wa Kenya. Huu ndio mzigo ambao watu huuita "simu za Dubai".

Chaja nayo? Samsung iliacha kuweka kichwa cha chaja kwenye boksi la Galaxy S21 mnamo Januari 2021, kisha modeli nyingine nyingi zikafuata. Kwa hivyo boksi lenye waya peke yake si dalili ya wizi. Hata aina ya pini haisaidii sana. Simu ya Ulaya ikija na chaja itakuwa na pini mbili za mviringo, na watu watasema ni feki. Lakini Dubai wanatumia soketi ya pini tatu za mraba kama sisi, kwa hivyo chaja "ya Kenya" haithibitishi kwamba simu ilitengewa Kenya.

Na sili iliyokatwa?

Hapa ndipo wengi hushikwa. Tangu Galaxy Note 3 ya mwaka 2013, simu nyingi za Samsung huwekewa kizuizi cha eneo. Stika kwenye boksi huandikwa kwamba simu ni ya eneo fulani, na kwamba mara ya kwanza itumike na laini ya eneo hilo, ipigiwe simu ya dakika kama tano hivi, ndipo ikubali laini za kwingine. Simu ya Ghuba ambayo haijafanyiwa hivyo inaweza kukataa laini yako ya Kenya, hata kama ni mpya na ni orijino.

Wauzaji wanaojua kazi yao huifungulia kizuizi hicho kabla ya kuiuza. Ili kufanya hivyo ni lazima wakate sili. Kwa hivyo kwa simu ya Dubai, sili iliyokatwa inaweza kumaanisha kwamba muuzaji amekuondolea shida. Sili nzima inaweza kumaanisha kwamba shida bado iko ndani ya boksi, inakungoja ukiwa tayari umerudi Mbita.

Bila shaka sili hukatwa pia na mtu aliyetumia simu mwezi mzima na sasa anaiuza kama mpya. Picha haiwezi kutofautisha hao wawili.

Picha yenyewe inadanganya

WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha ili iende haraka. Herufi ndogo za nyuma ya boksi ndizo huumia kwanza, zinakuwa na ukungu. Halafu mtu anasema, "Uchapishaji ni mbaya, hiyo ni ya River Road." Taa ya njano ya dukani nayo hubadilisha rangi ya boksi na ya simu. Ukitaka kusoma maandishi, mwambie muuzaji atume picha kama faili na siyo kama picha ya kawaida. Hivyo haitapunguzwa.

Jambo lingine: boksi lina IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayotambulisha simu moja. Usiiweke kwenye grupu la watu 200. Kuna watu huchukua namba ya simu halali na kuipandikiza kwenye simu nyingine. Ifiche kwanza ndipo upeleke picha.

Cheki namba, siyo sura

Kenya tulijifunza hili mwaka 2012. Usiku wa tarehe 30 Septemba, simu zaidi ya milioni moja zilizokuwa feki zilianza kuzimwa kwenye mitandao. Hakuna aliyeangalia boksi wala rangi. Zilijulikana kwa IMEI zao peke yake.

Fanya hivi simu ikiwa mkononi, wewe au mtu wako aliye Kisumu:

1. Piga `*#06#`. IMEI itatokea kwenye skrini. Simu ya laini mbili huonyesha mbili. Linganisha na boksi, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, boksi na simu si za pamoja, na huhitaji kuendelea.

2. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya kucheki IMEI. Tarakimu 8 za mwanzo hutaja modeli. Ikiwa mkononi una Galaxy lakini namba inasema ni simu ndogo ya mulika mwizi, hiyo IMEI imeibwa.

3. Ingia `Settings`, kisha `About phone`, usome `Model number`. Kwa Samsung, herufi ya mwisho hueleza soko: `U` ni ya Marekani, `N` ni ya Korea, `F` ni ya kimataifa. Herufi isiyo ya kawaida kwetu haimaanishi feki. Inakueleza tu simu ilikuwa inaelekea wapi.

4. Rudi `Settings` na ubonyeze `Software update`. Samsung ya kweli itatafuta toleo jipya kutoka kwa Samsung. Feki nyingi hukwama hapa, kwa sababu ndani ni programu nyingine iliyovishwa nguo ya Samsung.

Hatua moja peke yake haitoshi. IMEI ya kunakili inaweza kupita hatua ya kwanza na hata ya pili. Zote nne zikikubaliana, kudanganywa kunakuwa kugumu sana.

Orijino, lakini je, itakufaa?

Hili ndilo swali ambalo grupu huwa halikuulizi. Mfano mzuri ni iPhone ya Marekani. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zile za soko la Marekani hazina tundu la laini kabisa, zinatumia eSIM pekee. Mtu akiona picha ya ubavu usio na tundu atasema ni feki, kumbe ni ya kweli. Lakini kama umezoea kuhamisha laini yako ya pesa kutoka simu moja hadi nyingine, simu hiyo itakusumbua kila siku.

Nyingine zimefungwa kwa mtandao wa ng'ambo. Kwenye iPhone ingia `Settings`, `General`, `About`, utafute `Carrier Lock`. Ikiwa imeandikwa `No SIM restrictions`, iko huru.

Hapo hapo soma `Model Number`. Ikianza na `M` iliuzwa ikiwa mpya, ikianza na `F` ilirudi kiwandani ikatengenezwa upya na Apple wenyewe. Hizi za `F` huja kwa boksi la kawaida, halina picha kubwa ya simu, na ndiyo maana huitwa feki. Lakini kumbuka mpaka wa kipimo hiki: herufi inaeleza simu ilitokaje kwa Apple, siyo yaliyoipata baadaye. Simu iliyofunguliwa na fundi wa mtaani na kuwekwa skrini nyingine bado itaonyesha `M`. Kwa hiyo angalia kama kuna sehemu ya `Parts and Service History`, uone vilivyobadilishwa.

Sasa turudi kwa ile Galaxy yako

Mtume binamu yako anayekaa Kondele aende dukani. Asilipe chochote kwanza. Apige `*#06#`, alinganishe na boksi, acheki modeli na `Software update`. Kisha aweke laini yake na apige simu moja. Ikiunganika, kizuizi cha eneo kimeshafunguliwa. Asiingize PIN yake ya pesa kwenye simu ambayo bado si yenu. Malipo yafanyike kwa simu yake ya zamani.

Tuseme kila kitu kimekubali. Simu ni orijino, ya Dubai. Bado kuna ile tofauti ya shilingi 4,000, na hiyo haikutoka hewani. Waranti ya simu kwa kawaida hufuata soko iliyotengewa, kwa hivyo skrini ikileta shida mwezi wa tatu, duka rasmi la Kenya linaweza kukataa kuigusa. Wewe umeuza waranti hiyo kwa 4,000. Binamu amuulize muuzaji: "Boss, ikiharibika unanisaidiaje?" Akiahidi miezi sita, aiandike kwenye risiti pamoja na IMEI na muhuri wa duka. Akikataa kuandika, hiyo ahadi usiihesabu kwenye bei.

Hapo ndipo mnalipa, kwa till ya duka na siyo kwa namba ya mtu binafsi, na mnasoma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Huduma ya kurejesha pesa iliwekwa hasa kwa aliyekosea namba. Ukilipa leo kisha kesho grupu likuambie "hiyo ni feki", pesa hazirudi kwa sababu ya picha. Na kama zile hatua nne zilikubaliana, pengine hakuna cha kurejesha: una simu ya kweli yenye boksi la Kiarabu.