Ukimwaga unga, jilipe mshahara kwanza

Barua ya kupunguzwa kazini aghalabu huandamana na karatasi nyingine, inayosema kwamba mfanyakazi amelipwa haki zake zote na hana dai lolote. Usiitie saini kabla ya kupiga hesabu, kwani mahakama yaweza kuichukulia kuwa mkataba halali.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, siku za likizo zilizosalia, na ilani ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake.

Tuchukue mfano wa karani wa ghala jijini Nairobi aliyefanya kazi miaka minane kwa Sh45,000, yaani Sh1,500 kwa siku. Siku 120 zinampa Sh180,000. Ongeza Sh45,000 za ilani na Sh15,000 za siku kumi za likizo, jumla iwe Sh240,000. Tuseme baada ya kodi anabaki na Sh200,000.

Hapo ndipo wengi huteleza. Fedha hizo huonekana nyingi, na kabla ya wiki mbili kupita zimeingia katika ploti au pikipiki ya bodaboda ambayo mwenyewe hajui kuisimamia. Karani wetu atenge kwanza Sh25,000 za karo ya muhula ujao. Zilizobaki, Sh175,000, aziweke katika akaunti asiyoigusa, kisha ajilipe Sh35,000 kila mwisho wa mwezi, zigawiwe kodi ya nyumba, chakula, nauli na mkopo. Atajikimu miezi mitano. Akiendelea kutumia Sh45,000 kama zamani, haitatimia minne.

Mkopo wa sako usingoje. Makato yaliyokuwa yakitoka kwenye mshahara yamekoma, na akinyamaza wadhamini wake ndio watakaodaiwa. Aende ofisini wiki ya kwanza aombe kupunguziwa malipo ya kila mwezi.

Mkewe naye aambiwe siku hiyo hiyo. Wapo wanaume ambao huvaa tai kila asubuhi na kwenda kuketi Uhuru Park hadi jioni. Siri hiyo huwatafuna kuliko ukosefu wa kazi wenyewe, na nyumbani matumizi huendelea vilevile.

Kutafuta kazi kupewe saa zake: saa mbili hadi saa sita, Jumatatu hadi Ijumaa. Siku mbili ziwe za kuandika barua na tatu za kuonana na watu. Karani huyu anawajua madereva na mawakala waliokuwa wakileta bidhaa ghalani, nao hujua mapema ni ghala gani lina pengo. Aandike katika daftari alimwona nani, lini, na siku ya kumrudia. Kurasa zikijaa barua zisizojibiwa bila jina la mtu hata mmoja, abadilishe mpango wiki ya tatu. Anayedai ada ili ampe kazi, aachane naye.

Na asisahau kudai cheti cha utumishi, ambacho mwajiri analazimika kumpa kisheria.